Nani Ana Haki ya Kuniamsha?

Simu inapokutaka uchague nani aweze kukupigia usiku, inakuuliza swali ambalo ana kwa ana ungeona haya kulijibu. Niliweka Usinisumbue ianze saa nne usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri, kisha ikanidai majina. Mama yumo, hakuna mjadala. Dada yumo. Shangazi je? Na rafiki aliyefiwa majuzi, ambaye usiku ndiyo saa yake ngumu?

Orodha ina kasoro nyingine: inadhani dharura hupiga kwa namba unayoijua. Mama akizidiwa kule Tanga, anayepiga huenda ni jirani, au dereva wa bodaboda aliyeombwa simu kwa sababu ya mama imeisha chaji. Kwa hali hiyo simu nyingi zina mlango wa pili: mtu yuleyule akirudia kupiga baada ya muda mfupi, inaita. Kwenye Android muda huo ni dakika 15, kwenye iPhone ni dakika 3. Tulijaribu. Dada alitupigia kwa namba ya jirani, mimi na ninayeishi naye chumba: kimya. Dakika tano baadaye akarudia. Android yangu ikaita, iPhone ya mwenzangu haikuita.

Mlango huu naupenda kuliko orodha. Orodha inapima cheo cha mtu kwangu. Kupiga mara ya pili kunapima haja yake, na mpimaji ni yeye mwenyewe. Anayedai mkopo naye atapita humo, najua, tena bila haya. Nimekubali kuamshwa naye mara mojamoja ili yule wa bodaboda asikwame nje.

Asiye na salio ndiye aliyebaki. Ujumbe wake wa kuomba apigiwe hauwezi kupita, kwa kuwa ni ujumbe, si simu. Nyumbani nimewaambia wabakize salio kidogo ili wabipu mara mbili, haina gharama nisipopokea.

Dawa ya presha ninayomkumbusha mama saa nne na nusu usiku haimo katika mjadala huu. Nimeiweka kama kengele, si kama tukio la kalenda, kwa sababu kengele zangu zimeruhusiwa kulia hata simu ikinyamaza, na tukio la kalenda lingesubiri kimya hadi asubuhi. Swala nayo siiwekei ratiba ya saa: hapa Dar es Salaam Magharibi husogea zaidi ya nusu saa kwa mwaka. Mlangoni mwa msikiti nawasha ukimya wa saa moja, unajizima wenyewe. Kwenye vikao nafanya vivyo hivyo.

Chakula cha jioni ndicho kigumu, maana bosi huamini jioni bado ni kazi. Hayumo kwenye orodha. Akipiga mara mbili, nitapokea.