Wazo Lile Ambalo Hajawahi Kumwambia Mtu

Leo nina kihadithi, halafu tufikiri pamoja.

Mama mmoja ana mtoto wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo. Shingo haijakaza, hawezi kukaa mwenyewe. Kumnywesha kikombe kimoja cha uji ni kama saa nzima, kijiko kwa kijiko, kichwa kimeinuliwa, maana akilazwa uji unaweza kumpalia. Siku moja, baada ya mazoezi ya viungo, akakaribishwa kwenye kikundi cha wazazi. Wanawake tisa mkekani, masharti mawili tu: ya hapa hayatoki, na usimpe mtu ushauri asiouomba.

Alipanga kunyamaza. Lakini mwanamke wa tatu akasema: “Jamani, kuna usiku namwangalia amelala, naomba Mungu amchukue yeye kwanza. Nikitangulia mimi, nani atamgeuza usiku?”

Yule mama akashtuka. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, ambayo hajawahi kumwambia mtu, hata kwenye kitubio. Akalia, na moyo ukawa mwepesi.

Sasa hapo ndipo swali linapoanza. Mwenzake anaumia, yeye anafarijika. Si ubinafsi huo?

Tujaribu hivi. Kesho yake mtoto wa yule mwenzake akianza kukaa mwenyewe, huyu mama atasikitika? Kama atafurahi, basi hakufarijiwa na maumivu ya mwenzake. Alifarijiwa na kitu kingine.

Kitu gani? Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alichunguza dawa za huzuni: machozi, rafiki anayehuzunika nawe, kuutafakari ukweli, hata usingizi na kuoga. Anasema donda lililofungiwa ndani huuma zaidi, kwa sababu akili yote inalikodolea macho. Sawa, lakini mama yetu alikuwa hajafungua mdomo bado!

Mimi naona hivi. Wazo lile likiwa kichwani mwake, alijihukumu: mimi ni muuaji. Alipolisikia kwa mwenzake, hakuona muuaji. Aliona mama aliyechoka anayeogopa kwamba mapenzi yake hayana mrithi. Na kama hakumhukumu mwenzake, kwa haki gani ajihukumu yeye, kwa maneno yaleyale? Isitoshe, dhambi inahitaji utashi ukubali. Hofu inayokuvamia saa nane za usiku hujaichagua.

Kuna mpaka, tusidanganyane. Wazo likianza kuwa mpango, yaani mtu anafikiria namna na siku, hapo kusikilizana mkekani hakutoshi. Mtu huyo haachwi peke yake. Apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Turudi mkekani. Mmoja alitaka kusema, “Mungu hampi mtu mzigo asiouweza.” Kiongozi akamwinulia mkono taratibu, akanyamaza. Na vizuri, maana kauli ile ingefunga mlango uliokuwa ndio kwanza unafunguka. Katika ukimya ule, mama yetu akasema maneno mawili tu:

“Hata mimi.”