Usiku wa Mama, Usingizi wa Binti

Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale, na palikuwa na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Ndipo malaika akarudi mara ya pili. Ukiisoma 1 Wafalme sura ya 19 kwa haraka, utauruka usingizi huo wa katikati. Mungu alimwacha mtumishi wake alale kabla ya kumwambia lolote kuhusu kazi.

Naisoma sura hiyo nikimfikiria dada mmoja wa jumuiya yetu anayemuuguza mama yake. Mama alikuwa akiamka kukojoa saa tano, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja, na kila mara binti alimshika mkono, akihofia asianguke. Asubuhi alikuwa akimfokea mama, kisha akilia.

Walipokwenda kwa daktari, aliitazama kwanza miguu ya mama. Ilikuwa imevimba. Akampima moyo na figo, akaona uvimbe unatokana na kukaa kitini kutwa. Mzee wa namna hii akilala, maji yaliyotuama miguuni hurudi kwenye damu, figo huyachuja, na kibofu hujaa usiku. Basi sasa alasiri mama hujilaza kama saa moja, miguu juu ya mito, ili maji hayo yatoke mapema. Chai na maji hunywa mchana, na kidogo tu baada ya magharibi. Hawamnyimi, maana mzee akikaukiwa maji huchanganyikiwa. Dawa ya presha inayokojoza alikuwa akiimeza jioni. Daktari akaihamishia asubuhi. Kando ya kitanda pana kiti chenye ndoo, na taa ndogo inawaka. Siku hizi mama huamka mara mbili.

Lakini hata mara mbili zinachosha. Usingizi unaokatwakatwa haumpumzishi mtu, hata saa zake zikijumlishwa zikafika nane. Binti alihitaji saa nne au tano mfululizo. Kaka yake, anayekaa jirani, alikuwa akitoa hela ya dawa na kuona amemaliza. Tuliketi naye. Sasa Ijumaa na Jumamosi yeye na mkewe wanalala kwa mama. Mkewe ndiye anayemshika mama akikojoa, kwa kumsitiri. Siku nyingine mjukuu wa kike aliyemaliza shule anashika zamu hadi saa nane, na binti analala tangu saa tatu katika chumba kingine, mlango umefungwa. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuandikiwa mtoto aliyebaki nyumbani peke yake.

Mzee mnayemuuguza akianza ghafla kuweweseka au kutowatambua watu, msitafute mchawi. Huenda ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Viongozi wa jumuiya, wiki hii mkiwatembelea wagonjwa, muulizeni na anayeuguza: usiku wa jana ulilala kwa muda wa saa ngapi bila kuamshwa? Akisema saa mbili tu, msiondoke kabla ya kupanga nani atakesha kwa mgonjwa usiku wa leo.