Mtakatifu Kayumba hayumo kwenye kalenda



Wapendwa vijana, kuna mtakatifu mmoja ambaye hamtamkuta kwenye kalenda ya liturujia, lakini karibu kila kijana wa Tanzania anamjua: Mtakatifu Kayumba. Ni jina la utani la shule za msingi za serikali. Shule nyingi za kulipia, zile za inglishi midiamu, zina majina ya watakatifu, basi watu wakaona na zile za bure zipewe wa kwao.

Sasa sikiliza neno hilo linavyobadilika kulingana na mdomo unaolisema. Waliosoma Kayumba wakikaa pamoja wanakumbushana fagio na kidumu cha maji walivyokwenda navyo shuleni, na kukaa watatu kwenye dawati la wawili. Wanacheka mpaka machozi. Mle ndani neno lile ni kama salamu. Lakini likisemwa na aliyekuwa anafuatwa na basi la shule mlangoni kwao, kicheko kinakuwa cha upande mmoja.

Tuchukue mfano. Kundi la wasapu la vijana wa parokia, hapa Morogoro mjini. Kila mmoja anatakiwa kuchangia hija. Binti mmoja, ambaye mama yake hushuka alfajiri na ndizi kichwani kutoka Towero mpaka Soko la Chifu Kingalu, anaomba kulipa kidogo kidogo. Katika ujumbe wake anakosea neno moja la Kiingereza. Kijana anayekaa Forest anajibu: “Kayumba hiyo! Mwambie mama ashushe mkungu mwingine.” Watu kumi wanaweka katuni za kucheka. Na binti mwenyewe anaweka. Afanyeje? Asipocheka ataambiwa ana hasira, hajui utani.

Kesho yake kijana wa Mafisa anarudisha: “Na wewe broila, dada wa kazi akiondoka si utakufa njaa? Jiko la mkaa hulijui.” Hapo hakuna anayecheka. Kiongozi anaandika: “Jamani tuheshimiane, tuache chuki na wivu wa maisha.”

Umeona? Dhihaka mbili, na kwa maneno ya pili ndiyo nyepesi zaidi, maana kutojua kuwasha mkaa hakumfungii mtu safari. Lakini ikitoka juu kwenda chini inaitwa utani, ikitoka chini kwenda juu inaitwa wivu. Hakuna aliyepiga kura juu ya hilo. Pesa ndiyo iliyoamua nani ana ruhusa ya kuchekesha, na kundi zima likatii bila kujua kwamba limetii.

Wengine watasema, “Frateri, sisi Waafrika tuna utani wetu, usituletee ukali.” Sawa, tuuangalie huo utani wetu. Waluguru wa milima hii wana utani kati ya ukoo na ukoo. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia Mmarekani, James Christensen, alichapisha makala kuuhusu, na tangu kwenye kichwa cha makala aliweka mzaha na wajibu pamoja. Alikuwa sahihi kuviweka pamoja. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kuchukua kuku wako, na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini kesho ni zamu yako, na yeye pia hana ruhusa ya kukasirika. Zaidi ya hapo, siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kufanya kazi nzito za maziko. Anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka katikati ya kilio, anadai apewe chochote ndipo kazi iendelee, halafu anainama na kushika jembe.

Kwa hiyo utani wa wazee wetu ulikuwa na bei. Ruhusa ya kukucheka ilinunuliwa kwa mambo mawili: kukubali kuchekwa, na kukuzika. Yule kijana wa Forest amechukua ruhusa akaacha bei. Huo siyo utani, hata kama umevaa jina lake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye alilifikiria jambo hili. Katika Suma ya Teolojia, sehemu ya pili ya pili, swali la 75, anazungumzia dhihaka kama dhambi ya peke yake, kwa sababu lengo lake ni kumwaibisha mtu. Anatenganisha hali mbili. Ukicheka kasoro ambayo kweli ni ndogo, kwa mchezo, kosa ni jepesi. Lakini ukiliona jambo zito kuwa dogo kwa sababu tu limempata mtu yule, kama watu wanavyocheka shida za watoto wadogo, hapo umemdharau mtu mwenyewe. Anasema hilo ni baya kuliko tusi la wazi. Anayekutukana angalau anaichukulia shida yako kwa uzito. Anayekudhihaki ameifanya mchezo.

Rudi kwenye kundi letu. Kukosa nauli ya hija ni jambo zito. Lingempata mtoto wa mkubwa fulani, wangemtumia pole faragha. Limekuwa kichekesho kwa sababu ni la mtoto wa muuza ndizi.

Injili ya Yohane inatupa utani wa mahali mara mbili. Mara ya kwanza ni Natanaeli, anayeuliza kama kitu chema kinaweza kutoka Nazareti (Yn 1:46). Tunamwona mwenye dharau, lakini Yohane anatuambia baadaye kwamba yeye ni mtu wa Kana ya Galilaya (Yn 21:2). Ni mwanakijiji anamtania mwanakijiji jirani. Filipo anamwambia njoo uone, naye anakwenda. Mzaha wake haukufunga mlango.

Mara ya pili ni baraza la wakubwa kule Yerusalemu (Yn 7:50-52). Nikodemo anauliza swali la haki: je, sheria inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? Hawamjibu hoja. Wanamuuliza kama na yeye anatoka Galilaya. Ni kama kusema, “Kwani na wewe ni wa Kayumba?” Baada ya hapo Nikodemo hasemi tena, kila mtu anakwenda kwake. Dhihaka ya mkubwa hufanya kazi hiyo. Inamnyamazisha aliyesema, na inamtisha anayetaka kumtetea asije akahesabiwa upande ule.

Basi wiki hii, kabla hujatuma mzaha juu ya shule, mtaa au mfuko wa mtu, jiulize maswali mawili ya watani. Je, akinijibu kwa nguvu ileile, kundi litacheka kama lilivyonichekea mimi? Na je, akifiwa kesho, nitapanda mpaka kwao nikashike jembe? Jibu likiwa hapana, futa. Na kama wewe ni kiongozi wa kundi, usisubiri jibu la kijana wa Mafisa ndipo ukumbuke heshima. Mguse wa kwanza. Halafu mtafute binti faragha, umalize suala la mchango wake bila kuliweka hadharani.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, Mgalilaya uliyetambuliwa kwa kijiji chako, utupe vicheko visivyomwacha mtu peke yake. Amina.