Msumeno wa Kanuni

Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu ukiingizwa shuleni huzaa swali gumu: je, kanuni ya shule humfunga mwanafunzi peke yake, au humfunga na mwalimu aliyeiandika? Mwanafunzi akichelewa, kanuni husomwa kwa sauti mbele ya wenzake. Mwalimu akimwadhibu mtoto pasipo kumwuliza neno, ni nadra kanuni kutajwa. Msumeno wa namna hiyo una meno upande mmoja tu, na chombo cha upande mmoja ni panga, si msumeno.

Katika somo la uraia wanafunzi hufundishwa kuhesabu haki kama wahesabuvyo miezi ya mwaka. Hujua kwamba kuna haki ya kuishi, haki ya kusema na haki ya kusikilizwa, na katika mtihani huziandika zote bila kukosa. Lakini kuijua orodha ya haki ni jambo moja, na kuiona haki ikitendeka mbele ya macho ni jambo lingine. Ndiyo sababu baadhi ya walimu hutumia mahakama ya kuigiza. Darasa hupewa shauri moja. Wanafunzi wakagawana kazi za hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mtetezi, mshtakiwa na mashahidi. Shauri likasikilizwa mpaka hukumu.

Na ifikiriwe shule ya sekondari mjini Mwanza, upande wa Nyegezi, mahali ambapo watoto wengi hulipiwa mahitaji yao kwa fedha ya samaki na dagaa. Darasa limechanga shilingi 18,000 kwa safari ya kisiwa cha Saanane. Fedha hizo zimewekwa katika bahasha ndani ya dawati la kiranja. Saa tano bahasha haionekani. Mwanafunzi mmoja alionekana akitoka darasani peke yake saa nne, wakati wa mapumziko, na mfukoni mwake imekutwa noti ya shilingi 5,000. Mwalimu wa zamu amemchapa viboko sita, na baada ya kiboko cha sita mtoto amesema, “Nimechukua.” Shauri hili ni la kubuni, lakini hakuna jambo ndani yake ambalo mtu aliyepita shuleni ataliona geni.

Mwalimu mwenye busara hawaandikii wanafunzi maneno ya kusema. Akiandika kila swali na kila jibu, atapata mchezo wa kuigiza wenye hukumu iliyotungwa, na mchezo wa namna hiyo hufundisha jambo baya: kwamba mahakama hujua mwisho kabla ya mwanzo. Yampasa ampe kila shahidi karatasi moja tu ya maelezo yake, kisha azuie jambo moja kwa ukali, yaani shahidi kuongeza habari isiyomo katika karatasi. Yaliyobaki ni kazi ya maswali. Dalili ya shauri lililotungwa vizuri ni kwamba siku ya kwanza pande zote mbili huamini kwamba zitashinda.

Shauri huanza kwa kusomwa mashtaka. Mshtakiwa huulizwa kama ni kweli, naye hukana. Tangu hapo mzigo wote ni wa mwenye kushtaki; mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba hakuiba. Wanafunzi wengi hushangaa wafikapo hapa, kwa kuwa wamezoea kuona mtoto akiambiwa, “Thibitisha kwamba si wewe.” Katika shauri la jinai yule asemaye kwamba kosa limetendeka ndiye alithibitishe, hata pasibaki shaka ya maana.

Shahidi wa kwanza ni kiranja. Husema kwamba fedha zilikuwemo na sasa hazimo. Mtetezi humwuliza swali dogo: “Mara ya mwisho uliziona saa ngapi?” Karatasi ya kiranja inasema kwamba alizihesabu saa moja na nusu, kabla ya mstari wa asubuhi, wala hakufungua dawati tena mpaka saa tano. Kwa jibu hilo shauri zima hugeuka. Mshtakiwa alionekana saa nne, lakini bahasha ilikuwa haina mlinzi kwa muda wa saa tatu na nusu, katika darasa lisilo na kufuli. Kuonekana kwake kwathibitisha kwamba alikuwapo. Hakuthibitishi kwamba fedha zilikuwapo bado alipokuwapo yeye.

Shahidi wa pili ndiye aliyemwona mshtakiwa akitoka. Akiulizwa kama alimwona na bahasha, hujibu kwamba hakuiona, lakini “kila mtu anasema ni yeye.” Hapo hakimu hana budi kumkatiza, maana maneno ya kila mtu si ushahidi wa mtu yeyote. Shahidi husema aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa masikio yake. Uvumi hauapishwi wala haujibu maswali.

Shahidi wa tatu ni mwalimu wa zamu, na katika ushahidi wake ndimo ulimo moyo wa somo. Yeye ana neno la mshtakiwa mwenyewe, “Nimechukua,” na darasa hudhani kwamba shauri limekwisha. Mtetezi aliyejiandaa huuliza maswali mawili. La kwanza: mtoto alisema amechukua kiasi gani? Mwalimu hujibu, shilingi 10,000. La pili: alisema amezificha wapi? Chini ya mwembe, na mwembeni hapakuonekana kitu. Fedha zilizopotea ni 18,000, zilizoungamwa ni 10,000, zilizokutwa ni 5,000, na mama wa mshtakiwa, muuza dagaa, amekuja kueleza kwamba noti hiyo ni yake, alimpa mtoto anunue madaftari. Ungamo la kweli hulingana na mambo ya nje, tena aghalabu huonyesha jambo ambalo mwulizaji alikuwa halijui. Ungamo la maumivu hulingana na matakwa ya mwenye fimbo, na likitakiwa kuonyesha kitu hukosa cha kuonyesha. Mtoto huyo hakujibu swali. Aliomba fimbo ikome.

Kisha msumeno hukata upande wa pili. Kanuni za adhabu ya viboko, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, hazikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Zimempa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Zimeweka kikomo cha viboko vinne. Zimeagiza kila adhabu iandikwe katika kitabu, pamoja na jina la mwanafunzi, kosa lake na idadi ya viboko. Zaidi ya hayo, viboko vimeruhusiwa kuwa adhabu ya kosa zito. Havikuruhusiwa kuwa njia ya kuchunguza kama kosa limetendeka. Mwalimu wa zamu katika shauri letu hakuwa na ruhusa ya maandishi, hakuandika kitabuni, alipita kikomo, na aliadhibu kwanza ili ajue baadaye. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto kuteswa au kuadhibiwa kwa namna ya kumdhalilisha, na imempa haki ya kusikilizwa katika mambo yamhusuyo.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya kuigiza. Lakini ng’ambo ya ziwa hilohilo, katika mji wa Bukoba, mwezi wa Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano wa shule ya msingi Kibeta alipigwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu, akafa. Mkoba ulipatikana, haukuwa kwake. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa kosa la mauaji na kumhukumu kifo, na mwalimu mwingine ikamwachia huru. Mahakama iliwasikiliza watu wazima wawili na kuwatenganisha kila mmoja na sehemu yake. Mtoto hakupata kusikilizwa hivyo.

Zipo hoja mbili za kupinga, na zote mbili zastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba shule si mahakama: mwalimu mwenye wanafunzi tisini hawezi kuita mashahidi kwa kila aliyechelewa getini. Hoja hii ni ya kweli, na mahakama ya kuigiza ikifundisha kinyume chake imepotosha. Kosa dogo lenye adhabu ndogo halihitaji zaidi ya swali moja na jibu lake. Lakini wizi si kosa dogo. Kanuni za mwaka 2002 zihusuzo kufukuzwa shule zilitaja wizi kuwa sababu ya kumfukuza mwanafunzi, awe ameshtakiwa mahakamani au hakushtakiwa. Maana yake ni kwamba huenda mtoto asipate mahali pengine popote pa kusikilizwa ila katika ofisi ya shule. Hapo mambo matatu hayapunguziki: aambiwe kosa lake waziwazi, apewe nafasi ya kujibu na kutaja mashahidi wake, na mwenye kuamua asiwe yule anayelalamika. Haya hayahitaji joho wala wakili. Yahitaji nusu saa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Hakimu wa Nyegezi atamwachia mshtakiwa, na bahasha bado haijulikani ilipo. Waliochanga wana haki pia, na huenda kati yao ameketi mwizi, pengine ni yuleyule aliyeachiwa. Wako watakaotaka darasa zima lichapwe, wakisema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo ni ya kweli katika tenga la sangara, kwa maana samaki hawana nafsi ya kujibu. Kwa wanadamu, kumwadhibu asiyejulikana kuwa na hatia hakumrudishii mchangaji hata senti moja, na humpa mwizi zawadi kubwa: mwingine amekwisha kulipa deni lake, na hakuna atakayemtafuta tena. Kumwachia mtu kwa kukosa ushahidi si kusema kwamba fedha hazikuibwa, bali ni kuacha mlango wa kumtafuta mwizi ukiwa wazi.

Jambo la mwisho hufanywa hukumu ikiisha kusomwa, na lisipofanywa kazi yote huwa burudani. Kanuni za shule zenyewe huletwa mezani, na wanafunzi huulizwa kama shauri walilolisikiliza lingewezekana chini ya kanuni hizo. Mara nyingi huonekana kwamba zimetaja makosa na adhabu zake kwa urefu, wala hazikutaja mahali popote jinsi ya kumsikiliza mtuhumiwa. Walioketi dakika chache tu katika kiti cha hakimu huliona pengo hilo pasipo kuonyeshwa. Na mwalimu aliyekubali kuhojiwa kama shahidi hapungukiwi na heshima, kwa kuwa wanafunzi wameona kwamba hata neno lake lilipimwa kwa kipimo kimoja na maneno yao. Kwa kanuni ya namna hiyo mtoto hutii hata mahali ambapo mwalimu hayupo. Lakini utii wa fimbo huishia pale fimbo isipofika.