Msikilizaji wa Bure na Mkono wa Tuzo

Je, mtu asikilizaye wimbo bila ya kulipa huwa na deni kwa mwimbaji? Zama za santuri suala hili lilikuwa jepesi, kwani asiyenunua hakusikia, ila kwa jirani. Leo nyimbo zimo simuni, na kwa mwenye kustahamili matangazo hazina bei. Wako wasemao kuwa msikilizaji huyo ni mwizi aliyehalalishwa. Na wako wasemao kwamba wimbo ukishatoka kinywani ni mali ya upepo. Naona kauli zote mbili zinatafuta deni mahali ambapo mdai na mdaiwa hawajaonana hata mara moja.

Na tuanze na fedha yenyewe. Kampuni nyingi kubwa za kusikilizisha nyimbo mtandaoni hazimlipi mwimbaji bei maalumu kwa kila mchezo wa wimbo. Hukusanya ada na mapato ya matangazo mfukoni, hujitolea fungu lao, kisha kilichobaki hugawiwa wenye haki za nyimbo kwa uwiano wa idadi ya michezo. Likigawiwa hivyo, fungu la mchezo mmoja aghalabu huangukia kwenye thuluthi ya senti ya dola, pengine zaidi, pengine pungufu, na hapo kampuni ya santuri haijachukua chake. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi kitu kwa wimbo usiofikisha michezo 1,000 katika miezi kumi na miwili. Lakini uchache wa fedha si msiba mkubwa kuliko huu: mwimbaji hupewa idadi, hapewi majina. Ataambiwa kuwa watu elfu kadhaa wamemsikiliza mwezi huu. Akitaka kumwambia mmoja wao neno, hana mlango wa kubisha.

Kisa kinachofaa kuzingatiwa ni cha Amanda Palmer, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani. Alipokuwa chini ya kampuni ya santuri, albamu yake moja iliuza nakala zipatazo 25,000 katika majuma ya mwanzo, na kampuni ikaihesabu kuwa imeanguka. Baadaye aliachana na kampuni hiyo, akawa anaziachia nyimbo zake bure huku akiwaomba wasikilizaji wamsaidie. Mwaka 2012, kupitia Kickstarter, aliomba dola 100,000 za kutengeneza albamu mpya. Zikaja karibu dola milioni 1.2, na waliozitoa walikuwa watu 24,883. Tazama basi, msomaji: umati wa kadiri ile ile, ambao kwa kampuni ulikuwa ushahidi wa kushindwa, kwa mwimbaji ulitosha na kuzidi.

Ukizigawa fedha zile kwa vichwa, kila mtu alitoa wastani wa dola 48. Ili mtu mmoja amfikishie mwimbaji kiasi hicho kwa kusikiliza tu, kwa thuluthi ya senti, ingemlazimu acheze nyimbo zake zaidi ya mara 14,000. Yaani zaidi ya mwezi mzima, usiku na mchana, bila ya kulala. Hakuna mapenzi ya namna hiyo. Mfumo wa bure hauna chombo cha kupokelea mapenzi yaliyozidi. Humhesabu sawa ashikwaye na kilio na aliyeuacha wimbo ukiimba huku akikaanga samaki.

Watu wale 24,883 hawakuokotwa siku moja. Kabla ya umaarufu, Palmer alifanya kazi kwa miaka mitano ya kusimama barabarani kama sanamu ya bi harusi. Aliyetia fedha alipewa ua, na pamoja na ua, jicho: mtazamo wa mtu aliyeonwa. Alipokuwa na kundi lake la Dresden Dolls alibaki ukumbini baada ya onyesho, akisaini na kukumbatiana na watu, na akiweka orodha ya anwani zao. Kwa miaka aliwaandikia hata pale asipokuwa na cha kuuza. Siku alipoomba, aliomba kwa watu wanaomjua, na alitandika ngazi: aliyekuwa na dola moja alipata nakala ya kusikiliza, na wenye uwezo walipanda hadi kumwalika nyumbani kwao kwa maelfu. Hatua ya kwanza, kwa hivyo, si fedha bali jina.

Tupige hesabu ya kubuni kwa mwimbaji wa Unguja. Tuseme nyimbo zake huchezwa mara 12,000 kwa mwezi: hizo ni dola 40, kabla ya mwengine yeyote kukata chake. Katika wasikilizaji wake, tuseme 300 wamempa namba zao za simu ili awapelekee rekodi ya mazoezi ambayo haimo kwengineko, pamoja na maelezo ya fumbo la ubeti fulani. Kati ya hao 30 wakakubali kumpa dola 3 kila mwezi. Tayari ni dola 90. Wimbo wenyewe hakuufungia mtu. Akiufunga, yule wa 301 hatausikia na hatakuja kamwe.

Kinachoharibika mara nyingi hakionekani upesi. Wapya huingia, mwimbaji hufurahi, na hatambui kuwa wa zamani wanatoka. Anachota maji kwa pakacha. Ahesabu waliotoa mwezi wa kwanza, kisha atazame wangapi wamo mwezi wa nne. Baadhi ya waliotoweka hawakuchukia lolote, kadi zao za benki zimekwisha muda tu, na barua moja huwarudisha. Lakini wakiwa wanaondoka wengi, aghalabu ahadi zimezidi: alisema kila juma, sasa anashona fulana na kufunga vifurushi, na gambusi limelala.

Huko kwa Palmer nako kulikuwa na doa. Mwaka ule ule wa 2012 aliwaalika wapigaji wa ala wapande jukwaani katika miji atakayopita, ujira wao ukiwa bia na kukumbatiwa. Wanamuziki walilalamika vikali, na hatimaye akakubali kuwalipa. Hoja yake kwamba walijitolea kwa hiari haikuwa ya kipuuzi; lakini mapenzi ya msikilizaji hayawezi kugeuzwa kuwa mshahara wa mpiga tarumbeta. Mwenye kupokea zawadi anabaki na madeni ya kawaida kwa wafanyakazi wenziwe.

Sisi wa pwani suala hili tunalo ukumbini. Katika taarabu, bibi huinuka kitini, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akamtuza mwimbaji mkononi, watu wote wakiona. Hanunui wimbo, kiingilio amekwisha kulipa mlangoni, na walioketi bila ya kutuza hawahesabiwi wezi. Anatuza kwa sababu ubeti ule umesema lake, na pengine umemfikia aliyekusudiwa safu ya tatu. Tuzo ni jibu.

Hapa ndipo ada ya kila mwezi inaponitia shaka. Tuzo hutolewa baada ya ubeti kugusa. Ada hutolewa kabla, kwa ubeti ambao haujatungwa. Anayetuza leo hana sharti la kutuza kesho, wala mwimbaji hana sharti la kuimba kesho. Ada huwafunga wote wawili. Patreon, iliyoanzishwa mwaka 2013, iliwahi kuruhusu pia mtoaji alipe kwa kila kazi inapotoka badala ya kwa mwezi. Na utaratibu huo, kwa mtunzi anayekaa miezi mitano bila ya kupata kina anachokitaka, uko karibu zaidi na ukumbi wetu.