Je, Nusu kwa Nusu Ni Haki?



Kila mwaka kabla ya masika watu hutujia sisi wazee wenye mashamba hapa Muheza, wakiomba kukodi eka moja au mbili. Nguvu za kushika jembe zimetuishia, na watoto wako mjini. Basi twapokea fedha, au twapatana nusu kwa nusu, kisha twarudi barazani tukidhani ya kuwa tumetenda haki kwa sababu pande zote mbili zimeridhika. Lakini je, kuridhika kwa watu wawili kwatosha?

Tupige hesabu kidogo, kama tulivyowazoeza wanafunzi wetu. Tuseme eka moja ya mahindi hutoa magunia 12 mwaka wa mvua njema, na magunia 5 mwaka wa ukame. Gharama za mkulima, yaani kulimisha, mbegu, mbolea na palizi, ziwe sawa na thamani ya magunia 4. Kodi ya fedha iwe thamani ya magunia 2, nayo hulipwa kabla ya kupanda. Mwaka mwema mkulima hubakiwa na magunia 6. Mwaka wa ukame hupata hasara ya gunia 1, na mwenye shamba hapotezi kitu.

Wengi husema kwamba nusu kwa nusu ni afadhali, kwa kuwa njaa twaigawana. Tuitazame. Mwaka mwema kila mmoja huchukua magunia 6, lakini mkulima akitoa gharama zake hubakiwa na 2 tu. Mwaka wa ukame kila mmoja hupata magunia 2 na nusu, na mkulima hupata hasara ya gunia 1 na nusu, kupita ile ya kodi ya fedha. Tena, akiongeza mbolea ya thamani ya gunia 1, na shamba likazidisha gunia 1 na nusu, yeye hupata robo tatu ya gunia tu. Kwa hiyo haongezi mbolea. Twamwita mvivu, kumbe amepiga hesabu.

Njia iliyo ya haki zaidi ni kutoa gharama kwanza, ndipo kugawana. Mwaka mwema yatabaki magunia 8, kila mmoja apate 4. Mwaka wa ukame litabaki gunia 1, kila mmoja apate nusu. Hapo mbolea ina faida kwa wote wawili. Lakini njia hii yataka daftari, stakabadhi za dukani, kazi ya mikono yake ihesabiwe kwa ujira wa kibarua, na wote wawili wawepo siku ya kupima. Mjane anayehitaji fedha za dawa mapema aweza kuchukua kodi ya fedha, ila wapatane tangu mwanzo kiasi atakachopunguza msimu ujao mvua ikikosa.

Yupo na mshiriki wa tatu, asiye na kinywa, nao ni udongo. Sisi wenyewe tulikosa hapo. Tulimkodisha mtu shamba letu la mteremkoni, msimu baada ya msimu, kwa fedha. Alilima mistari ya kushuka na mteremko na kuchoma mabua. Baada ya misimu minne mawe yalionekana juu, vijikorongo vikafunguka, na kiduha kikaota katikati ya mahindi, dalili ya ardhi iliyochoka. Tulimlaumu sana. Lakini samadi huendelea kulisha shamba kwa misimu kadhaa. Kwa nini aiweke mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo?

Siku hizi twakodisha kwa miaka mitatu, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mkulima hulima kukingama na mteremko, hufanya makinga maji na kupanda matete juu yake, hachomi mabua, na huchanganya kunde na mahindi. Sisi twachangia kazi ya makinga maji, kwani yatabaki kwetu.

Kuhusu maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Na mwenye kutaka kuvuta maji ya mto kwa pampu ili kumwagilia apaswa kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Hatuwezi kumkodisha mtu maji ambayo si yetu; walio chini ya mto nao wayangojea.

Katika Walawi sura ya 25 twasoma ya kuwa auzaye shamba huuza hesabu ya mavuno tu, na bei hufuata miaka. Basi tulichomkodisha jirani ni mavuno. Udongo wenyewe hatuna ruhusa ya kuuuza, wala yeye ya kuumaliza.