Mtoto Aliyetulia

Familia ya kisa hiki nimeitunga. Ugonjwa wake sikuutunga. Tuiweke Vigwaza, nyuma ya mizani, pale malori yanapopanga foleni usiku na mchana katika Barabara ya Morogoro. Mtoto ni wa kike, ana miezi 15, bado ananyonya, na kadi yake ya kliniki ya wiki iliyopita inaonyesha kilo 10.

Alianza kuharisha alfajiri. Choo kilikuwa cha majimaji, hakina damu. Mama yake hakuzembea. Alinunua ORS na vidonge vya zinki, akachemsha maji, akayapoza, akayapima kwa chupa ya lita moja, kisha akamimina pakiti nzima kama ilivyoandikwa. Hapo tayari alikuwa amefanya vizuri kuliko wengi. Chupa zilizozagaa majumbani ni za nusu lita na za lita moja na nusu, na pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye nusu lita, chumvi huzidi kiasi cha kumdhuru mtoto badala ya kumponya. Kila baada ya choo alimpa mililita 50 hadi 100, kama robo au nusu ya glasi ndogo. Kidonge cha zinki cha miligramu 20 alikiyeyusha kwenye kijiko. Ziwa hakumnyima. Mpaka adhuhuri mtoto alikuwa anacheza na sufuria.

Mchana akaanza kutapika. Mama akafanya inavyotakiwa: akasubiri dakika 10, akaanza tena kwa kijiko, polepole. Lakini kutapika hakukukatika, na choo kikawa kinakuja kabla kikombe hakijaisha. Ilipofika magharibi lita nzima ilikuwa imekwisha na mama akajipa moyo. Hesabu yake ilikuwa ya kile kilichotoka kwenye chupa. Kilichobaki tumboni ni kingine, maana sehemu kubwa ilikuwa kwenye khanga na kwenye nepi.

Jioni hiyo mtoto alikuwa mkorofi, hataki kuwekwa chini, analia hata akiwa amebebwa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Kikombe kikikaribia, alikidaka kwa mikono miwili na kulia kinapoondolewa.

"Anakunywa vizuri huyo, mwanangu," bibi akasema. "Mwenye ugonjwa mbaya hapiganii maji."

Bibi aliona sawa, akatafsiri vibaya. Kuhangaika, macho kuzama na kiu ya namna ile ni dalili za mwili uliokwisha kupungukiwa maji. Mbili tu kati ya hizo zinatosha kumpeleka mtoto zahanati. Huko angepewa ORS ileile, ila kwa kipimo kingine: mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa nne. Kwa mtoto huyu wa kilo 10 ni mililita 750, kijiko kwa kijiko, mbele ya nesi anayemtazama na kumpima tena saa nne zikiisha. Saa ile ORS ilikuwa bado inaweza kumtosha. Huo ndio muda uliopotea.

Usiku wa manane kilio kikakoma. Choo nacho kikapungua. Mama akamgusa, akaona amelala. Akampa kijiko, kikamwagika pembeni mwa mdomo. Bibi akashukuru Mungu, kwamba dawa imefanya kazi na mtoto amepata usingizi. Nepi ilikuwa na unyevu, wakadhani amekojoa. Nepi za dukani zina hila hiyo: choo cha majimaji na mkojo havitofautiki ndani yake. Kwa mtoto anayeharisha, kitambaa cheupe kinasema kweli zaidi.

Utulivu ule nauogopa kuliko kilio. Mtoto anayelia bado ana nguvu ya kudai. Aliyekuwa na kiu kali kisha akaacha kunywa, huku hajajazwa maji, hajapona, amevuka mpaka. Na choo hupungua pia pale ambapo hakuna maji mengi ya kutoka.

ORS ina namna yake ya kufanya kazi, na hapo ndipo kikomo chake kilipo. Sukari iliyomo huivuta chumvi kupita ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi. Lakini lazima mtoto ameze, kilichomezwa kibaki, na damu ifike kwenye utumbo ili ikichukue. Mwili ukikauka sana, damu hupelekwa kwenye moyo na ubongo, utumbo ukaachwa. Hata Daktari Dilip Mahalanabis, aliyeokoa wakimbizi wengi wa Bangladesh kwa maji ya chumvi na sukari wakati wa kipindupindu cha mwaka 1971, waliozidiwa kabisa aliwatundikia dripu kwanza.

Alfajiri baba aliita bodaboda. Zahanati nesi hakuuliza ni pakiti ngapi zimetumika. Alimwita mtoto kwa jina, hakufumbua macho. Akamwekea kikombe mdomoni, hakumeza. Kisha akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, katikati ya kitovu na ubavu, akaiachia: mkunjo ukasimama zaidi ya sekunde mbili kabla ya kurudi. Mzani ukasema kilo 8.9. Mtoto alikuwa amepoteza kilo moja na gramu 100 za maji kwa siku moja, baada ya kununuliwa dawa sahihi na kuikoroga sahihi.

Dripu ya Ringa ilianza palepale, mililita 270 ndani ya nusu saa, kisha mililita 630 kwa saa mbili na nusu zilizofuata. Hicho ni kipimo cha mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mchanga zaidi hupewa taratibu zaidi. Mishipa yake ilikuwa imenywea na sindano ilikosea mara kadhaa. Nesi alikuwa ameshatayarisha mpira wa kupitisha ORS puani, kwa sababu mshipa usipopatikana hiyo ndiyo njia nyingine. Kabla ya adhuhuri mtoto alikojoa, akafumbua macho, akataka ziwa. Saa chache zaidi na pengine hata dripu isingemrudisha.

Mkwe wa jirani alikuja na neno la meno: kwamba ni meno ya juu yanaota, au ni yale yanayoitwa meno ya plastiki, yang'olewe. Fizi za mtoto anayeharisha zisichokonolewe na mtu yeyote. Dawa za kufunga tumbo nazo ni hatari kwa umri huu. Zinaweza kusimamisha utumbo huku maji yakiendelea kujikusanya humo, tumbo likavimba.

Basi, ndugu msomaji, usiitazame chupa, mtazame mtoto. Akitapika kila anachopewa, akiharisha kwa kasi kuliko anavyokunywa, tumbo likivimba, choo kikiwa na damu, akipitisha saa sita bila mkojo, au akilegea na kuacha kunywa, ORS ya nyumbani imefika mwisho wake. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu kwa utapiamlo asisubiri hata dalili hizo, kwa kuwa ngozi na macho yake hudanganya, na maji yake hupimwa kwa kanuni nyingine. Usingoje kuche. Iwe ni zahanati ya Vigwaza, kituo cha afya cha Mlandizi au hospitali ya Tumbi, ondoka usiku huohuo. Njiani, kama yuko macho na anameza, endelea kumpa kijiko kimoja kimoja na ziwa. Kama hamezi, usimmiminie kitu mdomoni; kitaingia kwenye mapafu.